Mmoja anataka mtoto aachwe alie, mwingine hawezi: mnaanzia wapi?

*Shikamoo nesi. Mtoto wetu ana miezi 8, halali mpaka anyonye, na usiku anaamka mara 5 au 6. Mume wangu anasema aachwe alie siku tatu tu atazoea, mi siwezi, roho inaniuma mno. Tumejaribu mara tatu na zote zimeishia kwa ugomvi saa nane usiku, sasa hivi hata mchana hatuongei vizuri. Nani yuko sahihi, na tufanyeje?*

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya nani yuko sahihi turudi kwenye zile mara tatu, maana jibu lako lipo palepale. Nabahatisha ilikuwa hivi: mtoto kawekwa kitandani, kaanza kulia, dakika kumi, ishirini, wewe umekaa ukingoni mwa kitanda machozi yanakutoka, shemeji anasema vumilia kidogo anakaribia kunyamaza, ikafika kama dakika arobaini ukashindwa, ukaingia ukamnyonyesha akalala palepale, alafu ndo mkaanza, yeye anasema umeharibu, wewe unasema ana roho ya chuma. Siku ya pili mkamlaza kwa kunyonya kama kawaida, na wiki mbili baadae mkajaribu tena.

Sasa jiulize mtoto kajifunza nini hapo. Hajajifunza kulala mwenyewe, hata nafasi hiyo hakuipata. Alichojifunza ni kwamba ukilia dakika tano hawaji, kumi hawaji, ila ukikomaa mpaka arobaini titi linakuja. Kitu kinachopatikana mara moja moja baada ya kung'ang'ania kinagoma kuachwa kuliko kinachopatikana kila siku, hata sisi wakubwa ndo tulivyo. Kwahiyo kila jaribio lililokatika katikati limelifanya jaribio linalofuata liwe gumu zaidi, na wewe ukaona ushahidi kwamba njia ni ya kikatili, na shemeji akaona ushahidi kwamba tatizo ni wewe. Wote wawili mlikuwa mnaangalia matokeo ya mpango ambao haujawahi kufanyika.

Ndo maana jibu langu la nani yuko sahihi litawaudhi wote. Njia ya shemeji inafanya kazi kwa watoto wengi. Njia za polepole nazo zinafanya kazi kwa watoto wengi. Isiyofanya kazi ni ile ambayo mmoja wenu ataivunja usiku wa pili. Kwahiyo msichague njia kwa kuuliza ipi ina kasi, chagueni kwa kuuliza ipi mnaweza kuimaliza wote wawili, na hapo inabidi kipimo kiwe ni yule mwenye uvumilivu mdogo kwa kilio, yaani wewe. Siyo kwa sababu wewe ndo mwenye haki, ni kwa sababu mpango unakatikia kwako. Shemeji nae atapata chake, nakuja huko.

Niwaondolee kwanza mzigo mmoja mmoja. Wewe unaogopa mtoto ataumia kisaikolojia, labda umesoma mahali kuhusu homoni ya stresi, kotisoli. Utafiti unaotajwa sana kwenye hilo ulikuwa na watoto 25 tu na haukuwa na kundi la kulinganisha, hauwezi kubeba uzito wanaoubebesha. Upande mwingine kuna utafiti wa Australia uliotoka 2012, ulianza na watoto 326 waliokuwa na shida ya usingizi wakiwa na miezi 7, baadhi ya familia zikafundishwa njia za kumzoesha mtoto kulala, watoto wakafuatiliwa mpaka umri wa miaka 6. Hawakuona tofauti kwenye hisia zao, tabia, stresi wala uhusiano wao na wazazi, haikudhuru na wala haikuwapa faida ya ziada ya kudumu. Na kitu ambacho watu hawakisemi: wazazi wale walichagua wenyewe kati ya njia mbili, kumwacha alie kidogo huku wakiingia kumtuliza kwa vipindi, au kukaa karibu na mtoto mpaka alale. Hawakulazimishwa moja.

Shemeji nae asikie hili. Hizo siku tatu anazozisema hazina uhakika. Wengi wanaanza kubadilika ndani ya wiki kama hakuna anayevunja, wengine wanachukua wiki mbili tatu, na kuna watoto wachache ambao njia ya kuwaacha walie haiwafai kabisa, kilio kinapanda kila usiku badala ya kushuka. Alafu mtoto wa miezi 8 yuko kwenye umri ambao ndo kwanza anaelewa kwamba mama akitoka anakuwa hayupo, anamtafuta, hata mchana utaona ukienda bafuni anapiga kelele. Haina maana huwezi kumfundisha usingizi umri huu, ila mtu akibaki anaonekana chumbani watoto wengi wa umri huu wanalipokea vizuri zaidi. Kwahiyo kuna sababu ya kweli ya kuanzia upande wako, siyo huruma tu.

Sasa kazi yenyewe. Usiku wa leo na siku tano zinazofuata msibadilishe chochote, endelea kumnyonyesha alale kama ulivyozoea. Kuanzia kesho wekeni karatasi na kalamu pembeni ya kitanda, kila akiamka mwandike saa ngapi kaamka, nani kaenda, kafanya nini, na saa ngapi kalala tena. Msitumie simu, mwanga wake unawaamsha wenyewe na mtaishia kusoma meseji. Karatasi hii inamaliza ubishi nusu. Kuna wazazi nilikuwa nawasaidia, mtoto wao miezi 10, baba aliapa mtoto anaamka mara nane, mama akasema si zaidi ya tatu. Karatasi ikaonyesha mara sita, na mbili kati ya hizo alikuwa anaguna tu na kujigeuza dakika moja na nusu alafu anarudi kulala, ila mara nyingine zote mama alikuwa ameshamnyanyua kabla hajamaliza kuguna. Mama alikuwa hakumbuki kwa sababu alikuwa ananyonyesha huku amelala nusu. Baba nae alikuwa anahesabu kila mguno. Hakuna aliyekuwa anadanganya.

Na mguno huo usiudharau. Usingizi wa mtoto mdogo unaenda kwa mizunguko mifupi, kama saa moja hivi, na mwisho wa mzunguko anashtuka kidogo, kila mtoto, hata wale wanaosifiwa wanalala mpaka asubuhi. Tofauti ni kwamba mwenye kujua kulala mwenyewe anageuka anaendelea, wako aliyelala titi likiwa mdomoni anashtuka anakuta titi halipo na hajui arudi vipi usingizini. Hajaamka kwa njaa mara zote sita. Anatafuta mazingira aliyoyaacha. Ndo maana kazi kubwa iko kwenye kulala kwa mara ya kwanza jioni, siyo saa nane usiku ambako nyie mmekuwa mkipigania.

Wakati karatasi inajaa, kila mmoja peke yake aandike majibu ya maswali matatu, bila kuonyeshana. Nini kinaniumiza zaidi kwenye hali ya sasa. Nikimsikia analia naweza kukaa dakika ngapi bila kwenda. Na kitu gani sitakubali hata iweje. Alafu mkae mchana, mmeshakula, mtoto kalala au yuko na mtu mwingine, mbadilishane karatasi na kila mtu asome ya mwenzake kimya mpaka mwisho. Baada ya jua kuzama hamna ruhusa ya kujadili njia, hata kidogo, mtu mwenye usingizi anasikia kila sentensi kama tusi.

Mara nyingi hapa ndo inajulikana kwamba hamkuwa mnabishana kuhusu kilio. Wale wenzenu niliowataja, baba aliandika kinachomuumiza ni kwamba amekuwa mgeni kwenye chumba chake, mtoto akiamka yeye hana kazi, akijaribu kumbeba anasukumwa. Mama aliandika anaogopa kunyonyesha kukipungua mtoto hatamhitaji tena. Ni mambo mawili tofauti kabisa na hakuna hata moja linalotibiwa na siku tatu za kulia. Lile swali la dakika nalo lilichekesha, mama aliandika sifuri, baba akaandika saa nzima. Nikawaambia wajaribu kwa saa ya ukutani. Mama mchana mtoto akinung'unika kitandani alifika dakika nne bila hata kujua. Baba usiku mmoja mama akiwa hayupo, mwenyewe peke yake na mtoto, alimnyanyua dakika ya kumi na moja. Kumbe saa nzima ilikuwa rahisi kuisema wakati mwingine ndo anayeumia. Toka siku hiyo nina sheria yangu, anayependekeza mtoto aachwe alie awe yeye ndo anakaa mlangoni anasikiliza.

Kwa hali yenu mi ningechanganya vitu viwili, kumchelewesha kulala kidogo ili usingizi uwe umembana kweli, na kukaa kwenye kiti karibu yake mpaka alale. Nitatumia masaa ya kukadiria, nyie mtabadilisha kulingana na karatasi yenu.

Tuseme mnaanza kumlaza saa moja na nusu usiku, lakini karatasi inaonyesha usingizi wenyewe unamchukua kwenye saa tatu kasorobo. Hiyo saa na robo ya katikati ni vita ya bure, mwili wake hauko tayari. Kwahiyo muda wake wa kulala kwa sasa ni saa tatu kasorobo, basi, kabla ya hapo anacheza kwa utulivu taa zikiwa hafifu. Asubuhi anaamshwa muda uleule kila siku, tuseme saa kumi na mbili na nusu, hata kama usiku ulikuwa mbaya, hapa wazazi wengi wanateleza wanamwacha alale mpaka saa mbili alafu jioni wanashangaa hana usingizi. Akilala ndani ya dakika 15 usiku mbili mfululizo, rudisheni nyuma dakika 15, saa mbili na nusu, tena usiku mbili, saa mbili na robo, hivyo hivyo mpaka ufike muda ambao akiwekwa mapema zaidi anakaa macho tena. Huo ndo muda wake. Mtoto wa umri huu anahitaji kama masaa 12 mpaka 16 kwa siku nzima ukijumlisha na ya mchana, kwahiyo msimbane mchana ili achoke, mtoto aliyechoka kupita kiasi analia zaidi. Usingizi wa mchana uacheni ulivyo kwa hizi wiki mbili.

Kunyonya jioni kubaki, ila kusogee mbele. Badala ya kuwa kitu cha mwisho kiwe kama nusu saa kabla, taa ikiwa imewaka, macho yamefunguka, alafu ndo abadilishwe, aimbiwe, ambebe baba, awekwe kitandani akiwa macho bado. Amelala chali, godoro gumu lililonyooka, hamna mto, hamna blanketi zito wala midoli. Alafu mmoja wenu anakaa kwenye kiti.

Usiku wa kwanza mpaka wa tatu kiti kiko kimegusa kitanda, mkono unaruhusiwa, unampapasa, unasema sentensi moja ileile mliyokubaliana, mfano "lala mwanangu, nipo". Akilia kwa kupandwa mpaka anakosa pumzi unamnyanyua, unamtuliza, unamrudisha akiwa ametulia lakini hajalala. Hilo neno hajalala ndo mpango wote, likivunjwa umebadilisha tu titi kwa bega. Usiku wa nne mpaka wa sita kiti kilekile, mkono hamna, sauti tu. Wa saba mpaka wa tisa kiti katikati ya chumba. Wa kumi mpaka wa kumi na mbili mlangoni. Alafu nje ya mlango ukiwa wazi. Kama chumba ni kimoja na mnalala nae humohumo, na kabla ya miezi 6 ndo inashauriwa hivyo, kiti kinaishia kwenye kitanda chenu na unakaa umempa mgongo, inafanya kazi pia, ila inachukua muda zaidi.

Ukiwa umekaa usimwangalie machoni sana wala usibadilishe badilisha mbinu. Wako watoto ambao mzazi akikaa wanasimama kitandani wanataka mchezo, wanalia zaidi kwa kukuona kuliko usipokuwepo. Ukiona siku ya tano bado iko hivyo, kiti siyo njia yake na hapo ndo zamu ya njia iliyo karibu na ya shemeji, ile ya kuingia kwa vipindi, inakuja mapema.

Usiku akiamka, tofautisheni kunyonya na kubembelezwa, na mkubaliane kwa saa, siyo kwa huruma ya muda ule. Miezi 8 kunyonya mara moja au mbili usiku bado ni kawaida. Mfano wa mpango: akiamka mara ya kwanza baada ya saa tano usiku ananyonya, akiamka mara ya kwanza baada ya saa tisa usiku ananyonya tena. Kuamka kwingine kote anaenda baba, kiti palepale kilipokuwa jioni, sentensi ileile. Namweka baba kwa sababu ya kawaida kabisa, wewe unanukia maziwa na mtoto akikuona hakuna cha kujadili. Na pia yule baba mgeni wa chumba anapata kazi. Wewe muda huo usilale hapo unasikiliza, ingia chumba kingine kama kipo, weka pamba masikioni, washa feni ikupigie kelele, kukaa ukutani ukihesabu sekunde ndo kunavunja mipango mingi.

Haya yote yaandikwe, ukurasa mmoja, ubandikwe ndani ya kabati au popote. Kila mtu awe na kipengele chake humo, na hapa ndo makubaliano yanapatikana kweli. Chako wewe: hakuna usiku ambao mtoto ataachwa peke yake analia katika siku 14 za kwanza, labda tu kiti kiwe kimegoma siku ya tano kama nilivyosema, na akiwa mgonjwa mpango unasimama bila mabishano. Cha shemeji: tarehe ya kuanza na tarehe ya tathmini zinajulikana, haziahirishwi kwa sababu mtu hajisikii, na usiku wa 14 mkifungua karatasi mkakuta kuamka kusiko kwa kunyonya hakujapungua hata kwa nusu, mnahamia njia ya kuingia kwa vipindi. Vipindi unavipanga wewe, sasa hivi, ukiwa na akili timamu, tuseme dakika 2, kisha 4, kisha 6 na hapo hazizidi, ukiingia unakaa dakika moja unasema sentensi unatoka. Umeshakubali kabla, kwahiyo siku ile hakutakuwa na mashtaka. Nimeona baba wengi wagumu wakilainika wakishapata hicho kipengele, walichokuwa wanakitaka ni uhakika kwamba hali haitakuwa hivi milele.

Kipengele kingine kiwe cha kupokezana. Aliyeko zamu ndo anayeamua usiku huo, ndani ya yaliyoandikwa, na mwingine haruhusiwi kuchungulia mlangoni na kushauri. Akizidiwa anasema neno moja, "nipokee", na mwenzake anakuja kukaa kwenye kiti, haji kubadilisha mpango wala kuuliza umefanya nini. Na mkiona kabisa kwamba usiku huu hamuwezi, amueni ndani ya dakika tano za kwanza, mnyonyeshe alale, andika kwenye karatasi kwamba leo tumeacha. Kuacha dakika ya tano ni usiku mmoja umepotea. Kuacha dakika ya arobaini na tano ndo mnamfundisha tena lile somo la mwanzo. Na aliyeko zamu asije akakaa na mtoto kwenye sofa usingizi unamvuta, kusinziana na mtoto kwenye sofa au kiti ni hatari kubwa kwake, bora aite "nipokee" mara kumi.

Niwaambie mapema usiku mbaya utakuja, mara nyingi wa pili mpaka wa tano. Kilio kilichokuwa kimeanza kupungua kinapanda ghafla, kirefu kuliko siku ya kwanza. Hapo ndo watu wanatamka kwamba njia imeshindikana. Kwa kawaida ni mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kinafanya kazi zamani, na kikiwa hakijalipa kinashuka usiku unaofuata. Utajuaje kwamba ni hicho na siyo ugonjwa? Mnyanyue. Anayedai ulichomzoesha ananyamaza karibu mara moja, anaangalia pande zote, mchana wake anacheza na kunyonya vizuri. Mwenye maumivu anaendelea kulia hata akiwa begani, au ananyamaza na kuanza tena, anakataa kunyonya, kilio kinakuwa kikali akilazwa. Joto likifika 38, au anatapika, anaharisha, anavuta sikio na kulia, mpango unasimama hapo hapo na aonekane na mtaalamu. Na kama anakoroma kila usiku, anakatika pumzi akiwa amelala, au uzito hauongezeki, msianze kabisa kabla hajapimwa, hayo siyo ya kiti.

Wale wenzenu usiku wao wa nne mtoto alilia dakika hamsini, baba kwenye kiti, mama chumba cha pili ameniandikia meseji ndefu ambayo niliisoma asubuhi. Usiku wa tano dakika ishirini na mbili. Wa tisa kumi na mbili. Wa kumi na mbili mafua yakamshika, wakasimama siku tano, mama akanyonyesha kila alipoamka, na baba hakusema neno kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Waliporudi hawakuanza mwanzo, walirudisha kiti hatua moja nyuma ya pale walipokuwa, siku nne tu akakamata. Wiki ya nne alikuwa anaamka mara mbili, moja ya kunyonya, moja anaguna anarudi mwenyewe. Baba mpaka leo anasema njia yake ingemaliza kwa siku tatu. Mama anamwacha aseme.

Kuna jambo moja linatangulia yote haya. Kama hata mtoto akilala wewe usingizi hauji, au unalia kila siku, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, au mmoja wenu saa nane usiku anahisi hasira za kumtikisa mtoto, mpango wa usingizi usubiri, tafuteni msaada wa kiafya siku hiyohiyo. Na mzazi akihisi hasira hizo wakati ule, amweke mtoto chali kitandani kwake, atoke nje ya chumba apumue, dakika kumi za kulia kitandani hazimuui mtoto, kutikiswa kunaweza kumuua.

Kuanza, chagueni usiku ambao kesho yake hakuna anayewahi kazini na wiki mbili mbele hamna safari wala wageni. Usiku wa saba mkae mchana wake dakika ishirini na karatasi, mjibu mawili tu, dakika ngapi anachukua kulala jioni ukilinganisha na usiku wa kwanza, na kuamka kusiko kwa kunyonya kumetoka ngapi kumefika ngapi. Namba zikishuka hata kidogo endeleeni bila kugusa kitu. Zikiwa palepale, angalieni kwanza kama kuna mtu anamlaza amelala tayari, labda mchana kweupe kasahau au usiku kachoka, nusu ya mipango inayokwama nikiulizauliza nakuta ni hapo. Leo lakini usifanye lolote, mnyonyeshe alale, na wewe ukalale. Kalamu itafutwe kesho.